Ujumbe kwa Mama Nasri

Shoga yangu, salama? Nimeona niandike, maana ana kwa ana nitaanza kucheka halafu maneno yote yanipotee. Usome ukiwa umetulia, si hapo dukani na wateja wamekusimamia.

Jumapili kwenye kikoba nilipowaonyesha hati ya mauziano ya kiwanja changu cha Chanika, ulisema hongera, na papo hapo ukaanza habari za kiwanja chako cha Kigamboni: kiko karibu na lami, umeme ushafika, kuna mtu kashakupandia bei. Wenzetu wote wakageukia simu yako kuangalia picha. Mimi nikakunja karatasi yangu nikairudisha kwenye pochi. Najua hukukusudia. Lakini nilirudi nyumbani nimenywea, na kiwanja nilichokidunduliza kwa hela ya vitumbua nikakiona si kitu.

Na si kiwanja tu. Imani alipochaguliwa kidato cha kwanza, mazungumzo yaliishia kwenye ada unayomlipia Nasri. Mama alipolazwa kwa sukari nilikupigia usiku ninalia, ukanieleza jinsi mama yako alivyoumwa zaidi, na ile wodi ya kulipia mliyomweka. Hilo liliniuma kuliko la kiwanja. Nilitaka tu kusikia "pole, kesho nakuja". Na ungekuja, nakujua. Si wewe uliyekesha na mimi wodini Imani alipozaliwa, ukanifulia na kanga zangu?

Kinachonitia hofu ni kwamba siku hizi nikipata jambo, zuri au baya, najiuliza kwanza nikuambie au ninyamaze. Ile oda kubwa ya vitumbua vya harusi uliisikia kwa watu, ukanuna. Sasa unajua kwa nini sikukuambia.

Sisemi uache kutuhadithia mambo yako. Duka lako nalionea fahari. Rangi ya ule mlango nilipaka mimi! Na siku ukipaua nyumba Kigamboni, vigelegele vya kwanza vitakuwa vyangu. Ninachoomba ni kidogo: nikileta langu, liache likae kwanza. Niulize hata swali moja, kiwanja kina ukubwa gani, msingi nachimba lini. Halafu lete lako, nitalisikiliza mpaka mwisho.

Na kama kuna kitu kinakufanya uone lazima uwe mbele, hata mbele yangu mimi, niambie. Mimi kwako sihesabu nani ana nini. Kama nami nina tabia inayokukera, nayo iseme, sitanuna.

Usinijibu kwa zile sauti zako za dakika kumi. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa nimeshamaliza kuuza, pita nyumbani, nitakubakizia vile vya nazi. Mama anakusalimia. Anauliza mbona siku hizi huonekani.