Sifuri Iliyodondoka

Ripoti ya robo ya tatu ilitakiwa kuwa mezani kwa mkurugenzi Ijumaa, na Sekela, mchambuzi mwenye miezi minne tu kazini, akapewa sehemu ambayo wenzake wote waliikwepa: maelezo ya upotevu wa maziwa.

Takwimu zilikuwa mbaya. Kati ya Julai na Septemba, vituo vya Kiwira na Tukuyu viliandika kwamba vimepakia lita 603,000 kwenye boza. Kiwandani Mbeya zikaonekana kufika lita 475,385. Zaidi ya asilimia 21 ya maziwa yalikuwa yanayeyuka barabarani, robo ya pili mfululizo.

Pale kiwandani hakuna aliyekuwa na shaka juu ya sababu. Ilisemwa kwamba wapokeaji wa vituoni wanaandika lita hewa na dereva anashusha madumu njiani. Julai wafugaji wakaanza kukatwa shilingi 100 kwa kila lita kufidia hasara. Agosti mzee Ambakisye, dereva wa boza kwa miaka mingi, akasimamishwa kazi, na tangazo la kusimamishwa kwake likabandikwa kwenye ubao wa getini ili kila mtu alione. Kilichobaki kwa Sekela kilikuwa kuyaandika hayo kwa lugha ya ripoti.

Jumanne jioni alikuwa na aya mbili. Ya tatu ikamgomea. Alitaka kuonyesha hasara hiyo imeumiza uzalishaji kiasi gani, hivyo akaomba daftari la ufungashaji, ambalo idara ya fedha haikuwa na desturi ya kulisoma. Akajumlisha pakiti, chupa na ndoo za mtindi. Akarudia kujumlisha. Kiwanda kilikuwa kimefungasha lita 594,000.

Kilipokea 475,385 na kufungasha 594,000. Maziwa hupungua kiwandani. Mengine hubaki kwenye mabomba, mengine humwagika. Hayaongezeki. Na kama mtu angekuwa anaongeza maji, maabara ingemkamata asubuhi ileile, maana laktomita hushuka maji yakiingia.

Akachukua siku moja tu, Agosti 14, aifuate hatua kwa hatua. Stakabadhi za vituo: lita 6,520. Mizani ya magari pale getini: maziwa kilo 6,695 baada ya kutoa uzito wa gari. Jedwali la fedha: lita 5,150. Hadi kwenye kilo kila kitu kilikuwa sawa. Maziwa yalipotea pale kilo zilipogeuzwa kuwa lita. Akabonyeza ile seli:

```
=C12/Vigezo!$B$4
```

Ukurasa wa Vigezo ulikuwa umefichwa. Akaufichua. Kwenye B4, pembeni ya maneno "uzito wa lita moja", palionekana 1. Seli ilikuwa imepangwa isionyeshe desimali, kwa hiyo hata aliyewahi kupita pale aliona 1 akaendelea na safari yake. Sekela akaibonyeza. Juu, kwenye mstari wa fomula, ikasomeka 1.3.

Lita moja ya maziwa ina kilo 1.03. Sifuri ilikuwa imedondoka.

Hakutaka kuamini kichwa chake peke yake. Asubuhi akaenda maabara, akaomba kipimo cha lita kumi na mizani. Fundi akauliza cha nini. "Nipimie tu, kaka, nitakueleza." Kipimo kikawekwa kitupu, mizani ikarudishwa sifuri, maziwa yakajazwa mpaka kwenye alama. Kilo 10.3. Wakamwaga, wakajaza tena. 10.3. Fundi alipoambiwa kwamba jedwali la fedha linahesabu lita kumi kuwa kilo 13, akaduwaa. "Basi hayo si maziwa, dada. Hiyo inaelekea kuwa asali."

Akagawanya upya. Kilo 618,000 za robo nzima kwa 1.03: lita 600,000 kamili. Upotevu wa kweli ulikuwa lita 3,000, nusu ya asilimia. Kwa barabara ile na kona zake, dereva anayefikisha maziwa hivyo anastahili kupewa mkono.

Faili lilianza kutumika Aprili. Aliyelitengeneza ni Mama Lyimo, mkuu wa fedha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ripoti imeisha?"

"Bado, mama. Naomba uangalie kitu kimoja kabla sijaendelea."

Hakueleza mengi. Aliweka mezani daftari la ufungashaji, stakabadhi za Agosti 14, karatasi ya maabara yenye saini ya fundi, kisha akafungua B4. Mama Lyimo akavaa miwani. Akachukua kikokotoo chake cha siku zote akagawanya 6,695 kwa 1.03. Ikatoka 6,500. Akafuta, akagawanya tena. Kisha akakaa muda bila kusema, mkono ukiwa juu ya stakabadhi.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi wa maabara anajua vipimo. Mengine ni mimi na wewe."

"Oktoba ndiyo kwanza inaanza," Mama Lyimo akasema taratibu. "Tukirekebisha leo, robo hii inayokuja itatoka safi. Upotevu utashuka wenyewe. Tutasema ulinzi umeimarishwa."

Sekela alikuwa amelitarajia hilo, na usiku kucha alikuwa akitafuta namna ya kulijibu bila kumvunjia heshima mtu aliyemfundisha kazi.

"Mama, wafugaji wamekatwa milioni 60 na laki tatu. Nimehesabu kituo kwa kituo. Tukisema ulinzi umeimarishwa, tutakuwa tumeandika kwamba waliiba na sasa wameacha."

Mama Lyimo hakujibu.

"Na mzee Ambakisye yuko nyumbani."

Nje boza lilikuwa linapandishwa mizani, likiendeshwa na kijana mpya. Mama Lyimo akavua miwani. "Chapa barua," akasema. "Robo ya pili na ya tatu zote zirudiwe. Kwa mkurugenzi nitaipeleka mwenyewe, wewe usitangulie. Na usiandike kasoro ya mfumo. Andika namba iliyokosewa na nani aliyeiingiza."

Mkurugenzi alifoka, kama ilivyotarajiwa, hasa aliposikia fedha zinarudi. Kufika jioni alikuwa amekubali. Makato yangerudishwa kwa malipo mawili, Oktoba na Novemba, na kila kituo kingepewa orodha yenye majina na kiasi.

Jumamosi Sekela alipanda basi kwenda Kiwira na barua ya mzee Ambakisye ya kumrudisha kazini, pamoja na mshahara wa siku alizokaa nyumbani. Alimkuta shambani kwenye migomba. Mzee akanawa mikono, akasoma barua yote akiwa amesimama, akarudi juu akaanza tena.

"Ndaga, mwanangu. Fedha nitapokea, nina watoto shuleni." Akaikunja barua kwa uangalifu. "Lakini ile ya kunisimamisha ilibandikwa getini. Watu wangu wanaoleta majani kule mjini waliisoma. Mchungaji aliisoma. Hii mmeniletea mfukoni."

Sekela hakuwa na la kujibu. Akaomba ruhusa apige simu, akasogea kando, akamweleza Mama Lyimo maneno ya mzee kama yalivyo. Kimya kilikuwa kirefu mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Mwambie Jumatatu aingie saa moja," Mama Lyimo akasema hatimaye. "Akifika ataikuta ubaoni, ina jina lake na langu. Na wewe niandikie nakala kubwa, herufi zisomeke kutoka barabarani."