Mjomba, endelea na ile hadithi

Shikamoo mjomba. Tumefika Tabora, treni imesimama. Wanakata mabehewa ya Mwanza, sisi wa Kigoma tunangoja, na hapa huwa hawana haraka. Naomba uendelee na ile hadithi. Ile ile, usianze nyingine! Wala usiniulize tuliishia wapi, we endelea tu, nitaidaka hukohuko mbele. Tuma kwa sauti, vipande vifupifupi, maana tukishapita Kaliua mtandao unakuja na kupotea. Mama naye katega sikio, ila anasema usiirefushe kama kawaida yako. Muuza asali kapita dirishani, nimekuchukulia chupa moja, utaikuta Ujiji. Haya mjomba, chaji ninayo mpaka Uvinza.