Chiza

Mtoto alizaliwa jua likichomoza, na kabla ya saa nne asubuhi karani wa wodi ya wazazi alikwisha kuandika jina lake kwenye tangazo la kizazi: Kiza. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa miezi miwili tu mjini Kigoma, na aliposikia bibi wa mtoto akitamka "Chiza" alidhani ni lafudhi ya Kiha inayopindisha neno la Kiswahili, akalinyoosha kwa nia njema bila kuuliza.

Baba aliligundua kosa jioni, walipokwisha kufika nyumbani Mwandiga. Alisoma mara mbili, akaikunja karatasi bila kusema neno. Lakini mama yake, ambaye hajui kusoma ila uso wa mwanawe anaujua, akamtaka asome kwa sauti.

"Kiza?" bibi aliuliza. "Nani amemwita mjukuu wangu kiza?"

Baba alitaka kurudi hospitali usiku uleule kugomba. Shemeji yake alishauri waache tu, kwa kuwa wengi wameandikwa vibaya na wanaishi hivyo hivyo. Mama mzazi, akiwa amelala na kichanga kifuani, alisema jambo moja: karatasi ile ndiyo itakayozaa cheti cha kuzaliwa, na cheti ndicho kitakachompeleka mtoto shuleni. Basi bibi akakata shauri kwamba ataenda mwenyewe, na baba abaki.

Asubuhi aliwaogesha pacha, Bukuru na Butoyi, wanafunzi wa darasa la pili, akawavalisha sare zao, wakapanda daladala.

"Shikamoo, bibi," karani alisema, akisimama.

"Marahaba, mwanangu." Aliwasogeza watoto mpaka vifua vyao vikagusa meza. "Huyu ni Bukuru, aliyetangulia. Huyu ni Butoyi, aliyefuata. Kwetu Buha azaliwaye nyuma ya pacha ni Chiza. Jina lilikuwa likimngoja kabla mama yake hajashika mimba. Maana yake ni kitu chema. Wewe umetuandikia giza."

Kijana aliinamisha kichwa. Alifungua daftari, akapitisha mstari mmoja juu ya jina, akaandika Chiza pembeni na kutia sahihi, kisha akaenda kwa muuguzi mkuu kuthibitisha na kurudi na karatasi mpya.

"Nisamehe, bibi. Ilinipasa kuuliza."

Bibi hakujibu. Aliwakabidhi pacha ile karatasi, nao wakaweka vidole viwili chini ya wino uliokuwa haujakauka vizuri.

"Chi-za," walisoma pamoja.

"Tena."

"Chiza."

"Nimekusamehe, mwanangu," bibi alisema.

Karani alishika kalamu. "Na atakayemfuata Chiza, ataitwaje?"

"Misago."

Alimwomba alitamke polepole, akaliandika ndani ya jalada la daftari, kisha akaligeuza kwa Bukuru ili asome.