Sufuria ya Tatu

Kombania ya askari wa Wajerumani ilisimama saa tatu usiku, nusu ya mteremko juu ya uwanda wa Wamakonde. Hakuna aliyetoa amri ya kusimama. Mtu wa mbele alikaa chini kwenye tope, wa nyuma yake akamgonga, naye akakaa. Mvua ilikuwa haijakatika tangu adhuhuri. Ilikuwa Novemba 1917. Kule Mahiwa walikuwa wamepigana siku nne mwezi uliotangulia, Chiwata ilikuwa imeachwa, na njia iliyobaki ilikuwa moja tu: Kitangari, Newala, kisha mto Ruvuma.

Shaushi Mabruki alimtafuta mpishi gizani kwa sauti.

"Mzee Mchopa! Saa kumi alfajiri tunaondoka. Watu hawajala tangu jana asubuhi."

"Wangapi, afande?"

"Askari hamsini na wanane. Wapagazi thelathini na mmoja. Wanawake na watoto kumi na wawili."

"Na wale tisa?"

Shaushi hakujibu. Juzi kule Nambindinga amri ilikuwa imetoka: wagonjwa na wasioweza mwendo wabaki, Waingereza watawakuta. Tisa wa kombania hii walikuwa wamekataa kubaki, wakajikokota hadi hapa. Kufika Kitangari wasingeweza, na kila mtu aliliona hilo.

Mchopa alihesabu mali yake kwa vidole. Sufuria tatu za chuma, kila moja debe moja. Gunia moja la unga wa mtama, ambalo mpagazi wake aliteleza nalo kijitoni. Pishi moja ya mbaazi kavu, ambayo sasa haikuwa kavu. Kibuyu kidogo chenye chumvi juu na vipande vya sandarusi chini, vimetenganishwa kwa jani la mgomba. Turubai moja lenye matundu mawili.

Alianza na turubai. Huku juu hakuna chemchemi. Wenyeji walipandisha maji vichwani kutoka bondeni, safari ya nusu siku. Mvua hii iliyowalaza watu kwenye matope ndiyo ilikuwa kisima chao. Alilifunga kwenye miti minne, upande mmoja chini kuliko mwingine, akaliacha lijioshe kwanza kwa muda wa kuvuta tumbaku, maana maji ya mwanzo hubeba vumbi na jasho la migongo. Ndipo akaweka sufuria chini ya pembe.

Moto ulikuwa shida kubwa zaidi. Kijana wake wa kuni, Saidi, alikuwa amekusanya matawi yaliyolala chini, na Mchopa akayatupa yote. Tawi lililolala hunywa maji kama sponji. Linalotakiwa ni tawi lililokufa likiwa bado limesimama mtini. Ganda lake hulowa, moyo wake hubaki mkavu. Walipata mpingo mmoja mkavu. Shoka liliruka mara tatu kabla halijaingia, lakini ndani mti ulikuwa mweusi na mkavu, na mpingo ukishashika hauzimiki kwa urahisi.

"Sasa nitafutie kichuguu. Kikuukuu, kisicho na mchwa."

"Kwa nini kisiwe na mchwa, babu?"

"Chenye mchwa kina unyevu ndani, na kina vyumba vyumba. Sufuria itazama."

Kichuguu walichokipata kilimfika Saidi kifuani, na kimeota nyasi juu. Mchopa alikigonga kwa kisigino cha jembe, kikajibu kwa sauti nzito. Alichimba mdomo usawa wa goti, upana wa kichwa cha mtu, upande usiopigwa na upepo. Kisha alitoboa matundu mawili kutoka juu, yakakutana na ule mdomo ndani, kila moja jembamba kuliko kitako cha sufuria. Tundu likiwa pana sana, udongo ukipata moto hupasuka na sufuria humwaga uji wote kwenye majivu. Pembeni ya kila tundu aliweka vijiwe vitatu, ili moshi upate nafasi ya vidole viwili kutokea. Udongo wa ndani ulitoka mkavu kabisa, mwekundu, wa unga. Saidi aliushika kiganjani akautazama kana kwamba hajawahi kuona kitu kikavu.

Sandarusi ya ukubwa wa yai la njiwa, vinyolewa vya mpingo juu yake, na cheche kutoka kwenye jiwe la bunduki la kizamani. Sandarusi iliyeyuka, ikachuruzika, ikawaka kwa moshi mweusi wenye harufu ya ubani. Moto ulikaa ndani ya kichuguu. Kwa mtu aliye hatua ishirini ulikuwa wekundu mdogo tu, na Waingereza hawakuwa mbali.

Unga nao. Alilipasua gunia kwa kisu kutoka juu hadi chini. Unga uliolowa huwa unajitengenezea ganda: tabaka la nje hugeuka kinamasi, huzuia maji yasipenye. Ganda lilikuwa nene vidole viwili. Ndani yake unga ulikuwa mkavu, ukimwagika kama mchanga. Pishi nane, alikadiria. Ganda alilinusa kila pande. Halikuwa na uchachu wala ukungu, kwa hiyo alilitenga kwenye jani. Sita apike usiku huu, mbili zibaki kwa kesho.

Vibaba vinne, yaani pishi moja, kwa kila sufuria. Unga haukuingia kwenye maji ya moto moja kwa moja. Saidi aliuvuruga kwanza kwa maji baridi ndani ya sufuria ya tatu, akiyavunja madonge kwa vidole hadi ukawa laini kama maziwa, ndipo Mchopa akaumimina polepole kwenye maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka bila kusimama, ukikwangua kitako.

Hapo ndipo Ombasha Juma alipotokea na watu sita, wamebeba mihogo. Mirefu, minono, udongo bado unadondoka. Wawili walikuwa wameshaanza kumenya kwa meno.

"Mzee, acha uji wako wa watoto. Shamba zima liko huko chini, limeachwa. Choma hii."

Mchopa aliacha mwiko mikononi mwa Saidi. Alichukua muhogo mmoja, akaukata, akagusisha ncha ya ulimi kwenye nyama yake nyeupe, akatema.

"Shamba lina uzio?"

"Halina."

"Nguruwe wamelichimba?"

Juma alifikiri. "Hapana. Halijaguswa."

"Msituni hapa, kila mahali nguruwe wamefukua, na hili hawakuligusa. Huu ni muhogo mchungu, ombasha. Mwenye shamba ameupanda makusudi, ajue nguruwe hataula. Ukiula hivi, hata ukiuchoma, kabla ya alfajiri utashikwa na kizunguzungu, utapike, moyo uende mbio. Mwenye tumbo tupu huumia zaidi. Wengine hawaamki."

"Wenyeji wanakula."

"Wanakula. Wanaumenya, wanauloweka siku tatu, wanaukamua. Una siku tatu wewe?"

Mmoja wa wale sita aliendelea kutafuna huku akimtazama usoni. Watu walikuwa wamesogea, wengi, na kimya chao hakikuwa kizuri. Shaushi alisimama nyuma yao, mkono kwenye mkanda, naye hakusema neno. Amri ya kumnyang'anya chakula mtu aliyelala njaa siku mbili ni amri ambayo afande mwenye akili haitoi kama hana hakika itatiiwa.

Mchopa aliinama juu ya sufuria ya kwanza. Povu lilikuwa limekatika, lakini harufu ya unga mbichi ilikuwa bado ipo. Uji ukitolewa hapo huharisha, na anayeharisha kwenye mwendo huachwa njiani. Aliuacha uchemke, midomo yake ikihesabu. Harufu ilipogeuka, ikawa ya mtama ulioiva, alitia chumvi nusu konzi na kuchukua kata.

"Atakayeweka muhogo wake hapa chini," alisema, akionyesha pembeni ya kichuguu, "anapata kata ya kwanza. Akiwa askari, akiwa mpagazi, akiwa mtoto. Asiye na muhogo atasubiri nyuma yake."

Juma ndiye aliyeanza. Alitupa mihogo mitatu, akanyoosha kikombe chake cha bati. Uji ulikuwa mwepesi, ukimiminika, na alipoumeza macho yake yalifumba. Baada yake milio ya mihogo kuanguka ikafuatana. Wapagazi, ambao siku zote hula mwisho, walionekana mbele ya mstari kwa mara ya kwanza tangu Lindi, kwa sababu ndio waliokuwa wametumwa kuchimba.

Sufuria sita zilipikwa usiku ule, mbili mbili. Kata mbili kwa kila mtu. Sufuria ya nne iliungua kidogo kitako, Saidi alipochukuliwa na usingizi akiwa amesimama na mwiko mkononi. Mchopa hakumgombeza. Aliuhamishia uji wa juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, maana ukikwangua, ladha ya kuungua huenea kote, na ukoko wenyewe alimpa kijana aule.

Saa nane usiku yule aliyekuwa akitafuna alianza kutapika. Mchopa alimpa maji mengi, akamketisha wima kwenye shina, akamwambia mwenzake asimwache alale chali. Hakuwa na dawa nyingine. Hadi saa kumi alikuwa bado anatetemeka, lakini aliweza kusimama akishikwa bega.

Kabla ya filimbi, Mchopa alikwenda walipolala wale tisa. Bi Asumini, mke wa askari mmoja wao, alikuwa amekataa kuondoka. Alikuwa ameketi na kichwa cha mumewe mapajani, kanga yake imefunika uso wa mumewe dhidi ya mvua.

Mpishi aliweka mbele yake sufuria ya tatu. Ndani kulikuwa na mihogo yote iliyoweza kuingia, imemenywa, imekatwa vipande vya urefu wa kidole, imefunikwa na maji ya mvua. Iliyozidi ilikuwa kwenye shimo alilolitandika majani ya mgomba, nayo maji juu.

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Hii usiiguse leo, wala kesho, wala keshokutwa. Leo mna ganda la unga hili, na hizi mbaazi. Zimelowa tangu jana, kwa hiyo zitaiva upesi. Chumvi utie mwishoni. Moto nimeuacha kwenye kichuguu. Usiutoe nje."

"Na muhogo?"

"Kila asubuhi mwaga maji, tia mengine. Siku ya nne shika kipande. Kikivunjika chenyewe vidoleni, toa nyuzi, kamua kwenye kanga hadi maji yaishe, osha, kamua tena. Ndipo upike, sufuria bila kufunikwa, mvuke uende zake. Kikiwa bado kigumu, ongeza siku moja. Hata wakilia."

Alirudia yote mara ya pili, naye akamrudishia, neno kwa neno.

Kileleni, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu, Shaushi Mabruki alipita akihesabu mizigo.

"Sufuria ziko mbili."

"Ndiyo, afande."

"Zilikuwa tatu."

"Zilikuwa tatu, afande."

Shaushi aligeuka akatazama chini ya mteremko, ambako moshi mwembamba ulikuwa umelala juu ya majani. Kisha akaandika mbili.