Ujumbe wa kuomba risiti ya mafuta, kwa mistari mitatu

Dada, rasimu yako ya kumwomba kaka risiti nimeisoma mara mbili. Hii hapa ulivyoiandika:

"Shikamoo kaka, habari za huko mjini, huku Mtumba ni upepo na vumbi tu. Samahani sana kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, na juzi nilikupigia hukupatikana nikadhani labda mtandao. Sasa unakumbuka ile safari yetu ya Kongwa ya mwezi wa tano, ile tuliyopata pancha pale Mbande tukakaa juani hadi dereva akaazima jeki? Basi mhasibu amenifuata, si kwamba nakulaumu, wala sijamwambia mtu kwamba ni wewe, ila ile hela ya mafuta niliyokukabidhi inatakiwa risiti, na mwaka wa fedha ndio huo unaisha, na unajua masurufu yakilala inavyokuwa. Lakini kama huna nafasi hakuna shida, tutaangalia. Samahani tena kaka."

Pancha mtakumbushana mkikutana. Kinachonisumbua ni "si kwamba nakulaumu". Alikuwa hajawaza lawama, sasa ataanza kuitafuta. Halafu "hakuna shida": shida ipo! Masurufu yametoka kwa jina lako, na yasiporejeshwa utakaokatwa ni mshahara wako, si wake. Ukimwambia hakuna shida, atakuamini.

Neno risiti nimelikuta karibu na mwisho, na hujasema unaitaka lini wala imfikieje mhasibu. Mtu anayesoma simu huku anapanda daladala hafiki huko.

Shikamoo ibaki, ni mkubwa kwako. Samahani zote mbili nimezitoa. Unaomba karatasi ya ofisi, hujamkosea. Tuma hivi:

"Shikamoo kaka, naomba risiti ya EFD ya mafuta ya safari yetu ya Kongwa ya Mei, shilingi 180,000.
Tafadhali nitumie picha yake leo kwa wasapu, na yenyewe umpe dereva anayekuja Mtumba Alhamisi asubuhi, ili nirejeshe masurufu kabla ya tarehe 30 Juni.
Kama huioni, nijulishe leo nimuulize mhasibu mapema cha kufanya. Asante sana, kaka."

Picha usiiondoe hata ukiona imezidi. Karatasi za EFD hufifia, na hiyo imekaa tangu Mei, pengine kwenye dashibodi ya gari. Ikifika Alhamisi nyeupe, angalau tarakimu tutakuwa nazo.

Huo mstari wa tatu nilisita kuuweka, nikaona humsaidia yeye zaidi: kama ameipoteza, anapata mlango wa kusema bila kuona haya. Kwenye rasimu yako mlango wa pekee uliomwachia ni kukaa kimya.

Itume sasa hivi, kabla hajatoka kwenda chai ya saa 4.