Sauti ya duka letu wakati wa sikukuu: mwongozo wa maneno

Mwongozo huu ni wa kila anayesema kwa niaba ya duka: anayeandika meseji za Wasap, anayepandisha posti Instagramu, anayeandika karatasi ya bei ya mlangoni, na kijana wa bodaboda anapokabidhi mzigo. Unachukua nafasi ya ule wa zamani wa kurasa mbili.

Tunauza viungo, tende, mchele, unga na nazi. Hakuna sikukuu isiyopita jikoni, kwa hiyo hakuna isiyopita kwetu Kariakoo au kwenye tawi la Tanga. Wateja wetu ni Waislamu na Wakristo, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, na maneno yaleyale yanasomwa na wote.

Jirani mwenye sahani

Kabla ya kuandika chochote, mfikirie jirani anayepiga hodi siku ya Idi na sahani iliyofunikwa kawa. Hasemi mengi. Anatoa heri, anakabidhi, anauliza hali ya watoto, anaondoka. Hajifanyi kwamba sikukuu ni yake, wala hatumii neno la ibada kujisifia. Hiyo ndiyo sauti yetu. Sikukuu ina wenyewe. Sisi tunaleta sahani.

Kwa hiyo heri hutangulia, bidhaa hufuata, bei huja mwisho. Siku yenyewe ya sikukuu tunatoa heri tupu, bila bei hata moja.

Maneno yetu ya kila msimu

Tunaandika *Ramadhani*, *Idi*, *Krismasi*, *Pasaka*, *Mwaka Mpya*. Tahajia ni hiyo moja, kwenye bango na kwenye meseji.

Tunapenda *kula Idi* na *kula Krismasi*, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema: "Mwaka huu tunakula Idi Tanga kwa bibi." Tunapenda *heri*, *njema*, *karibuni*, *jikoni*, *nyumbani*, *wageni*, *andaa*, *pakua*, *gawana*, *mkono wa Idi*. Msomaji mmoja tunamwambia *wewe* kwa upole. Kundi tunaliambia *karibuni*. Mama mtu mzima akitupigia simu ni *shikamoo mama* kabla ya jambo lolote, na meseji ya kumjibu inaanza hivyohivyo.

Hatutumii *Mpendwa mteja*. Linasomeka kama barua ya kudai deni. Hatutumii *wahi kabla hazijaisha*, *bei ya kutupa*, wala *usikubali kupitwa*. Hofu haiendi na sikukuu. Kama kweli mzigo ni mdogo, sema idadi: "Zimebaki boksi 40 za tende." Hapo msomaji ataamua mwenyewe.

*Msimu wa kutoa* na *uchawi wa Krismasi* pia tuyaache. Maneno ni ya Kiswahili lakini hakuna anayeyasema akiwa nyumbani kwake.

Ramadhani

Huu ndio mwezi wetu mkubwa, na ndio tuliokosea zaidi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu.

Mwaka juzi tulituma saa saba mchana picha ya jagi la juisi ya ukwaju, barafu inaelea, na maneno "Kiu imekushika?" Mama mmoja wa Magomeni, mteja wetu wa miaka mingi, alipiga simu. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, tangu daku sijanywa maji, na wewe unajua." Niliipokea simu hiyo mimi mwenyewe, nikamwomba radhi, na kanuni inayofuata imetokana nayo.

Mchana wa Ramadhani hatuonyeshi chakula kilichopikwa wala kinywaji. Asubuhi, mtu anapopanga kwenda sokoni, tunaonyesha vitu vibichi: mihogo, magimbi, nazi, maharage, pilipili manga ya uji, tende ndani ya boksi. Picha ya sahani iliyopakuliwa inatoka baada ya magharibi tu, wakati watu wameshafuturu.

Ramadhani *hufungwa*, haisherehekewi. Usiandike "tusherehekee Ramadhani". Andika *mfungo mwema*, *saumu njema*, *Ramadhani Karim*. *Futari* ni chakula, *kufuturu* ni tendo, *daku* ni mlo wa kabla ya alfajiri, usivichanganye. *Vunjajungu* ni neno tamu la pwani kwa karamu za siku za mwisho wa Shaabani, lakini masheikh wengi hukemea yanayofanyika humo. Tuwaachie wenyewe walitumie, dukani tusiuzie kitu.

*Sadaka*, *thawabu*, *baraka* na *zaka* si maneno ya bei. "Nunua kilo mbili upate thawabu" haitatoka kwetu kamwe. Anayetaka kununua vyakula vya kuwafuturisha wengine tunamhudumia kimyakimya na kumwandikia hivi: "Mzigo wa futari kwa kaya kumi uko tayari. Tutaupeleka utakakotuelekeza."

Mfano wa asubuhi: *Saumu njema. Nazi zimeingia leo kutoka Tanga, zimekomaa vizuri kwa mihogo na kwa maharage. Agiza kabla ya saa nane mchana, mzigo utafika kabla ya alasiri.*

Mfano wa usiku: *Umefuturu salama? Kaimati hizi zimepikwa kwa unga wetu na iliki kidogo. Kesho asubuhi tuko wazi kuanzia saa mbili.*

Idi zote mbili

Mwezi ndio unaoamua. Hatutangazi Idi kabla ya tangazo la Mufti, hata kama kalenda ya ukutani inasema vingine. Siku ya 29 ya mfungo tunakuwa na meseji mbili zilizokwisha kukaguliwa: moja ya mwezi ukiandama, nyingine ya kukamilisha thelathini. Wapo pia wanaofuata mwandamo wa Makka na kula Idi siku tofauti. Nao ni wateja wetu, kwa hiyo hatusemi "leo ni Idi kwa Waislamu wote".

*Idi Mubarak. Kwa wanaokula Idi leo na watakaokula kesho, tunawatakia sikukuu njema, nyumba zilizojaa wageni na watoto waliopata mkono wa Idi.*

Meseji hiyo haina bei wala namba ya kuagizia. Mauzo ya Idi yamefanyika siku kumi za mwisho za mfungo, watu waliponunua bizari ya pilau na mchele. Idi pili na Idi tatu tunaweza kurudi taratibu na tambi na halua.

Idi Kubwa huangukia tarehe 10 Mfungo Tatu. Neno *kuchinja* ni la ibada, halichezewi. "Tumechinja bei" ni marufuku, hata kwa mzaha wa Wasap ya ndani, maana ya ndani hutoka nje. Tunazungumzia viungo vya nyama na mgao wa majirani: *Idi Kubwa njema. Kwa nyama ya kugawa na ya kupika, tumefunga pakiti ndogo za pilipili manga, bizari na mdalasini, kila moja inatosha kilo mbili.*

Maulidi, tarehe 12 Mfungo Sita, ni salamu fupi na picha ya ubani au asumini. Hapo hatuuzi.

Kwaresima na Pasaka

Siku arobaini za Kwaresima zina Ijumaa ambazo Wakatoliki wengi hawali nyama. Hapo ndipo kunde, dagaa na samaki wa nazi hupata nafasi yao, na hatuna haja ya kutaja dini: *Ijumaa ya kunde za nazi. Tumezichambua, hazina mawe.*

Ijumaa Kuu tunanyamaza kabisa. Siyo *heri ya Ijumaa Kuu*, siyo ofa. Ni siku ya msiba kwa wanaoiadhimisha, na hakuna anayempongeza mfiwa. Jumapili ndipo tunasema *Heri ya Pasaka*. "Bei zimefufuka" na "ufufuko wa punguzo" zimeshapendekezwa dukani mara mbili, tafadhali zisirudi.

Siku za taifa

Si kila siku ya mapumziko ni sikukuu. Tarehe 7 Aprili tunamkumbuka Mzee Karume aliyeuawa mwaka 1972, na tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999. Neno ni *tunamkumbuka*, si *heri*. Picha moja, sentensi moja, basi. Mapinduzi, Muungano na Uhuru zina heri, lakini bei za 1,964 au 1,961 ni ujanja mwepesi, tuziache.

Nane Nane ndiyo ninayotaka tuipe uzito kuliko tulivyowahi. Ni siku ya wakulima, na iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga yetu inatoka kwa wakulima wa milima ya Amani, Muheza, na ya Pemba. Onyesha mikono inayoanika karafuu juani kwenye jamvi. Taja mahali. Usiseme *mkulima mnyonge* wala *tunawasaidia wakulima*; tunanunua kwao na wanatuuzia, tuko sawa.

*Nane Nane njema. Iliki hii imetoka Amani, ilichumwa kwa mkono, ikakaushwa taratibu ibaki na rangi yake ya kijani. Ahsanteni mlioilima.*

Ijumaa ya Novemba

Kampeni ya punguzo inayoitwa Ijumaa Nyeusi haitatumia jina hilo kwetu. Ijumaa ni siku tukufu kwa wateja wetu wengi, na kuiita nyeusi kunawachoma. Wauzaji wa mtandaoni wa Ghuba waliliona hilo wakaanza kuiita Ijumaa Nyeupe. Sisi tutaiita *bei ya kufunga Novemba* na tutaianza Jumamosi.

Krismasi na Mwaka Mpya

Desemba ya Dar es Salaam ni joto na feni inazunguka. Hakuna theluji, hakuna moto wa kuota, hakuna mzee mwenye koti la manyoya. Kuna pilau, kuku wa kienyeji, soda kwenye kreti, nguo mpya za watoto na mabasi yaliyojaa. Ndiyo Krismasi ya kuonyesha.

Watu wanakwenda kwao, kwa hiyo kinachofaa zaidi ni taarifa sahihi: *Unakwenda kula Krismasi Moshi au Arusha? Mzigo wako wa mchele na viungo tutaufunga na kuufikisha stendi. Mwisho wa kupokea oda ni tarehe 20 Desemba.*

Ule utani kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, watu hutaniana wao kwa wao. Duka halina mtani.

Tunasema *Heri ya Krismasi* kwa wote bila kuogopa. *Noeli njema* inafaa pia. *Heri na fanaka* tuitunze kwa Mwaka Mpya, mara moja tu, ibaki na ladha. Januari watu wanalipa ada za shule. Sauti inashuka, picha za karamu zinaondoka, tunazungumzia pakiti za robo kilo na unga wa uji.

Kabla ya kutuma

Soma kwa sauti mbele ya mwenzako. Meseji ya Ramadhani na Idi inasomwa na Mwislamu kabla haijatoka, ya Kwaresima, Pasaka na Krismasi inasomwa na Mkristo; Kariakoo na Tanga wote tunao. Emoji ni moja au hakuna. Meseji isizidi mistari minne ya simu. Anayejibu simu siku ya sikukuu apewe nakala ya heri ya siku hiyo, ili mteja akipiga asikie maneno yaleyale aliyoyasoma.