Maneno ya muongozaji kwa kikosi, asubuhi ya kwanza ya kurekodi

Jamani, habari za asubuhi. Sogeeni karibu, sitaki kupayuka kabla jua halijatoka. Wa jenereta, tuzimie dakika kumi tu. Asante.

Najua wengine mmekuwa hapa tangu saa tisa usiku mnashusha vyuma na kutandaza mabomba ya mvua yetu ya bandia. Nimewaona. Kwa hiyo sitawapotezea muda kwa habari za filamu hii ilivyonijia kichwani. Skripti mmeisoma. Kama kuna ambaye hajaisoma, dada wa kontinyuiti ana nakala mbili za ziada, na atakupa pamoja na lile jicho lake.

Prodyuza alitaka tuanze na sini nyepesi ya jikoni ili watu wazoeane. Mimi nimeng'ang'ania daraja, na sababu ni mto. Leo maji yako chini, nguzo zote zinaonekana, na chombo cha uokoaji kinaweza kusimama pale kwenye mchanga. Mvua ikianza kunyesha huko milimani, mto huu unapanda usiku mmoja, na hapo hakuna wa kutupa ruhusa ya kukanyaga zile mbao. Basi tunaanza na jiwe zito wakati mikono bado ina nguvu.

Siku yenyewe ni hivi. Asubuhi tuko kibandani, mama na mtoto wanasubiri mvua ipungue. Wao wakavu, mvua inaonekana mlangoni. Hii lazima iishe kabla ya saa sita, kwa sababu mtoto anaondoka saa sita kamili, hata kama tumebakiza shoti moja. Mama yake mzazi amekaa pale nyuma ya monita. Mama, shikamoo. Ukiona mwanao amechoka au anatetemeka, usimtafute mtu wa kumwomba, njoo kwangu moja kwa moja.

Watu wa sauti, jana mlilalamika kuhusu lile bati, na mlikuwa na haki. Matone yakipiga bati tupu hatupati neno hata moja la mazungumzo. Usiku huu wametandaza sponji ngumu juu ya paa lote, na bomba la kwanza limesogezwa mbele ya ukingo. Nisikilizieni kabla hatujaita waigizaji. Bado likipiga kelele, semeni sasa, maana kwenda studio kurudia sauti ya mtoto wa miaka tisa ni kazi ambayo simwombei adui yangu.

Mchana jua likiwa utosini hatupigi kitu nje. Tunakula, tunapumzika, halafu tunafanya mazoezi ya darajani bila maji.

Sasa daraja lenyewe. Shoti moja, dakika nne, kamera mwilini mwa mpiga picha, anarudi kinyumenyume mbele ya mama kutoka ng'ambo ile hadi hapa. Mnaofanya kazi ya taa mnajua mvua ilivyo: ukiimulika kwa mbele inapotea kabisa, kamera haioni chochote, mwigizaji analowa bure. Inang'aa ikipigwa kutoka nyuma. Ndiyo maana tunalisubiri jua la jioni lishuke mgongoni kwake. Tukilipata, kila tone litakuwa uzi wa dhahabu. Lakini tunalo kwa nusu saa hivi, na watu wa mavazi wana magauni manne ya aina ile. Gauni likishalowa halirudi. Fanyeni hesabu wenyewe: teki nne ndizo tulizonazo, na hata hizo zinategemea kubadilisha nguo mbio mbio katika lile hema la pale mwisho, lenye hita na mataulo. Hita isizimwe. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, na dada yetu atalowa mara nne mfululizo huku upepo wa mtoni unampiga.

Kwa hiyo nisikilizeni kwa makini hapa. Maikrofoni ikichungulia kwenye fremu, usipige kelele. Mwigizaji akikosea neno, usigune. Mtu akikanyaga waya, aendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. "Kata" naisema mimi peke yangu, kwa sababu huenda dakika ya tatu yenye kasoro ndiyo iliyobeba dakika ya nne tunayoitafuta.

Ila kuna neno jingine, "Simama", na hilo ni la kila mtu aliye hapa. La anayebeba maji ya kunywa, la dereva, la kijana aliyeanza kazi leo na anaogopa hata kuniangalia. Ukiona ubao umelegea, ukiona waya umeingia majini, ukisikia mto umebadilisha sauti, piga kelele "Simama!" na kila kitu kinasimama. Kamera inashuka, mabomba yanafungwa, umeme unakatwa. Hutaulizwa kwa nini umeharibu teki. Ukikosea, tumepoteza gauni moja, na sitakununia.

Wengine mnasema naogopa kupita kiasi. Tarehe 20 Februari 2014, huko Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera aitwaye Sarah Jones, miaka 27, aliuawa na treni juu ya daraja la reli, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Wenye reli hawakuwa wametoa ruhusa ya kurekodi pale. Muongozaji wake alikwenda jela. Nafikiria sana wale waliokuwa wamesimama darajani siku ile. Katika kikosi kizima hakosekani mtu ambaye moyo ulimwambia hapa hapafai, akanyamaza kwa kuwa wakubwa walikuwa wamekwisha kuamua. Hapa sitaki mtu wa kunyamaza kwa heshima.

Ruhusa ya daraja ninayo, na karatasi ya mhandisi imebandikwa kwenye ubao wa ratiba, kasomeni wenyewe. Inasema watu sita kwa wakati mmoja. Sita. Mimi si mmoja wao, nitakuwa huku kwenye monita. Msaidizi wangu wa kwanza anasimama mlangoni mwa daraja na majina, asiyetajwa hapiti, hata prodyuza. Samahani, bosi.

Umeme: kila laini inayokaribia maji inapita kwenye swichi inayojikata umeme ukivuja, na maungio yote yako juu ya makasha, si chini. Plagi anazigusa mtu wa taa tu. Wewe wa vipodozi unayetaka kuchaji simu, kachaji kwenye gari.

Redio: chaneli ya kwanza ni ya kazi, soga zihamie ya tano. Kadi za kamera hazifutwi mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili tofauti na mtu amezifungua akaziangalia kwa macho. Lenzi zitolewe kwenye gari lenye kiyoyozi sasa hivi, zikae nje ndani ya mabegi yake, la sivyo zitatoka jasho tukiwa tayari.

Tukimaliza usiku, kesho hatuanzi kabla ya muda wa saa kumi na moja kupita tangu tufunge. Dereva mwenye usingizi aseme, kuna mahema na magodoro.

Haya, kuna swali? Hakuna? Wewe wa bumu, uso wako una swali. Utaniambia tukitembea. Vipodozi na mavazi, mama na mtoto ni wenu kwa dakika arobaini. Kamera, twendeni kibandani. Wa jenereta, washa.